Kosa limeonekana, muhtasari umekwisha kuthibitishwa: namna ya kusahihisha bila kugusa kumbukumbu ya awali

Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ukishasomwa, ukathibitishwa na kusainiwa, Mtendaji aliyeuandika hana tena mamlaka ya kuugusa, na Mwenyekiti aliyeusaini hana pia. Umekuwa mali ya mkutano. Ikigundulika baadaye kwamba jina limekosewa, tarakimu imegeuka au mpaka umeandikwa upande usio wake, kosa hilo linasahihishika, tena bila ugumu mkubwa. Linasahihishwa kwa kuandika kumbukumbu mpya inayoelekeza kwenye ile ya zamani, na ile ya zamani inabaki na kosa lake kama ilivyo.

Tuchukue mfano wa kijiji kimoja cha Mufindi, maana huko ardhi ina thamani na watu wanasoma mihutasari kwa macho makali. Tuseme tarehe 13 Machi 2025 mkutano mkuu ulikubali kutenga ekari 12 za ardhi ya kijiji kwa ajili ya shule ya sekondari. Mtendaji aliandika muhtasari kwa mkono kwenye daftari, na alipofika kwenye azimio akageuza tarakimu: ekari 21. Tarehe 12 Juni muhtasari ukasomwa mbele ya mkutano, baridi kali, watu wamejikunyata kwenye makoti wanataka kumaliza. Hakuna aliyeshtuka. Ukathibitishwa, ukasainiwa, mhuri ukagongwa, nakala zikaenda kwa Mtendaji wa Kata na halmashauri ya wilaya. Agosti akaja mpima ardhi na nakala mkononi, anatafuta ekari 21. Zile ekari 9 za ziada zinaangukia kwenye mashamba ya familia tatu zilizopanda misindano.

Siku ile ile, kabla ya jambo jingine lolote, Mtendaji afanye mawili. La kwanza ni kupiga fotokopi ya ukurasa wenye kosa pamoja na ukurasa wa saini, kisha daftari lifungiwe kabatini. Kisifutwe kitu. Wino mweupe usitumike, tarakimu isikatwe kwa mstari na kuandikwa nyingine juu yake, ukurasa usichapwe upya na kuwapelekea viongozi wasaini tena huku tarehe ya zamani ikiachwa. Hata kama nia ni njema kabisa, kubadili maandishi ya hati iliyosainiwa bila mamlaka kunakaribiana sana na kosa la kughushi lililomo kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kuna na sababu ya kawaida zaidi: nakala yenye 21 tayari iko wilayani. Daftari likibadilishwa liseme 12, kijiji kitakuwa na hati mbili zilizosainiwa siku moja zinazopingana, na atakayezikuta hatajua ni ipi ilichezewa. Familia zile tatu, ambazo haki ilikuwa upande wao, ndizo zitakazoshukiwa kwanza.

La pili ni barua fupi kwa mpima ardhi, nakala kwa Mtendaji wa Kata, kusema kwamba ukubwa wa eneo ulioandikwa kwenye azimio fulani una shaka, suala linapelekwa kwenye mkutano mkuu, na kijiji kinaomba upimaji usubiri. Barua isiseme kwamba ukubwa sahihi ni ekari 12. Mtendaji anajua hivyo, lakini mkutano bado haujasema, na barua ya ofisi haiwezi kusahihisha azimio la mkutano.

Kwanza jua ni kosa la namna gani

Hapa ndipo vijiji vingi vinapoteleza. Tarakimu moja iliyokosewa kwenye muhtasari inaweza kuwa matatizo matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Inawezekana mkutano ulisema 12 na mwandishi akaandika 21. Hilo ni kosa la kumbukumbu, na ndilo mwongozo huu unalolihusu.

Inawezekana pia Mtendaji mwenyewe alisimama siku ile akasoma "ekari 21" kutoka kwenye karatasi iliyokosewa, watu wakanyoosha mikono kwa 21. Hapo muhtasari hauna kosa hata kidogo. Umeandika kwa uaminifu kile kilichotokea. Kilichokosewa ni taarifa waliyopewa wananchi, na dawa yake ni agenda ya kurekebisha azimio, ielezwe wazi kwamba uamuzi wa Machi ulifanyika kwa takwimu zisizo sahihi na sasa unafanywa uamuzi mwingine. Ukiiita kazi hiyo "masahihisho ya muhtasari" utakuwa umeandika uongo kuhusu mkutano wa Machi.

Na inawezekana mkutano ulikubali 21 kwa kujua, ila baadaye wenye mashamba wakalalamika na uongozi ungependa kurudi nyuma. Huko ni kubadili mawazo. Kunaruhusiwa, lakini kwa uamuzi mpya wenye tarehe mpya.

Swali la kujiuliza ni moja: siku ile, pale kiwanjani, kilisemwa nini? Usijiulize kilichopaswa kusemwa, wala kinachofaa sasa. Ukijibu swali hilo kwa ushahidi, utajua uko kwenye kundi gani.

Ushahidi unaokubalika

Kumbukumbu ya kichwani ni ushahidi dhaifu kuliko vyote, hasa miezi mitano baadaye na ardhi ikiwa inagombewa. Tafuta maandishi yaliyokuwepo kabla kosa halijaandikwa au siku yenyewe ya mkutano. Katika mfano wetu, Mtendaji anavuta faili na kukuta vitu vinne.

Kuna muhtasari wa Halmashauri ya Kijiji wa Februari, uliopendekeza eneo hilo kwa mkutano mkuu, nao unasema ekari 12. Kuna barua ya maombi ya kamati ya ujenzi wa shule, inasema ekari 12. Kuna rasimu, yaani yale maandishi ya haraka aliyokuwa akiyaandika mkutano ukiendelea, na humo imeandikwa "ek. 12, wamekubali wote". Rasimu hizi watu huzichana muhtasari ukishachapwa. Zisichanwe. Zikae kwenye faili walau mpaka muhtasari uthibitishwe na muda wa kutosha upite, kwa sababu zikikosekana, mzozo kama huu unabaki kuwa neno la mtu dhidi ya neno la mtu.

Cha nne ndicho kizito, kwa sababu kimo ndani ya muhtasari wenyewe. Azimio linaeleza mipaka: mita 240 kando ya barabara, na mita 200 kushuka hadi kwenye kijito. Zidisha, unapata mita za mraba 48,000. Ekari moja ni takriban mita za mraba 4,047, kwa hiyo eneo ni karibu ekari 11.9, yaani zile 12 walizozungumza. Ekari 21 zingehitaji karibu mita za mraba 85,000, na kwa upana ule wa barabarani mpaka ungelazimika kuvuka kijito na kupanda upande wa pili. Azimio linasema mpaka unaishia kijitoni. Basi vipimo na ukubwa, vyote kwenye sentensi moja, havikubaliani, na kila mwananchi anayeijua sehemu hiyo anaweza kuona kipi kimekosewa.

Kila ushahidi uandikwe kwenye dokezo la ukurasa mmoja: ni hati gani, ya tarehe gani, iko faili gani, inasema nini. Kama kuna hati inayosema tofauti, nayo iandikwe. Dokezo linaloficha karatasi moja huangushwa na karatasi hiyo hiyo.

Nani mwenye mamlaka ya kusahihisha

Aliyethibitisha ndiye anayesahihisha. Halmashauri ya Kijiji hukutana kila mwezi, mkutano mkuu kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo kishawishi kipo cha kumaliza jambo kwenye kikao cha halmashauri kilicho karibu. Haitoshi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, Halmashauri ya Kijiji inasimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji na haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Idhini ikiwa imetoka mkutano mkuu, kumbukumbu yake nayo inasahihishwa huko huko. Kazi ya halmashauri ni kupokea dokezo, kulipima na kulipeleka mbele na pendekezo lake. Kama mkutano wa kawaida uko mbali na mpima hawezi kusubiri, uitishwe mkutano wa dharura kwa agenda hiyo moja.

Swali huulizwa sana kuhusu Mwenyekiti aliyekwisha kuondoka. Baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 vijiji vingi vilipata wenyeviti wapya, na bado mihutasari ya wakati wa watangulizi wao inaibua makosa. Mwenyekiti mpya asisaini popote kwenye hati ya zamani kana kwamba alikuwepo. Anaongoza mkutano unaosahihisha, na anasaini kumbukumbu za mkutano huo tu. Wala si lazima wapiga kura wawe walewale waliohudhuria Machi. Mkutano mkuu ni chombo kimoja, watu wake hubadilika.

Agenda yake yenyewe, kwa jina lake

Kuna mazoea ya kuingiza masahihisho ya aina hii kwenye "Yatokanayo" au, vibaya zaidi, kwenye "Mengineyo" mwishoni, nusu ya watu wakiwa wamekwisha kuondoka. Mimi napinga mazoea hayo kabisa kwa jambo linalogusa ardhi au fedha. Mwananchi ambaye shamba lake liko hatarini ana haki ya kusoma kwenye tangazo kwamba jambo hilo litazungumzwa, ili aje. Pia miaka kumi baadaye mtu anayetafuta masahihisho atapekua vichwa vya agenda, na "Yatokanayo" haitamwambia kitu.

Kwenye tangazo la mkutano wa tarehe 18 Septemba, lililobandikwa ubao wa ofisi ya kijiji na kupelekwa kila kitongoji, iandikwe: "Agenda Na. 4: Masahihisho ya muhtasari wa Mkutano Mkuu wa tarehe 13 Machi 2025 (ukubwa wa eneo la shule ya sekondari)." Familia zile tatu zipelekewe taarifa kwa mkono na zisaini kupokea. Kamati ya shule nayo ipewe, kwa sababu kama wao wanaamini waliahidiwa ekari 21, ni vizuri waseme hadharani.

Siku ya mkutano

Mtendaji asome kwanza azimio la Machi lilivyoandikwa, neno kwa neno, pamoja na kosa lake. Wengi wataisikia tofauti hapo hapo. Kisha asome dokezo, aonyeshe hati, na hesabu ya mita ifanywe mbele ya watu taratibu. Baada ya hapo Mwenyekiti afungue mjadala.

Akiinuka mzee akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi nakumbuka zilitajwa ishirini na moja," asikatizwe. Aulizwe nani alizitaja na wakati gani, na hoja yake iandikwe. Inaweza kuwa mtu fulani alipendekeza 21 kwenye mjadala na haikukubaliwa, na mzee akabaki nayo kichwani. Mwenyekiti asiruhusu mjadala ugeuke kuwa wa kama ekari 12 zinatosha shule. Swali hilo ni halali, lakini ni la siku nyingine na agenda nyingine. Ukiyachanganya, muhtasari wa Septemba utashindwa kuonyesha kama watu walisahihisha kumbukumbu au walipunguza eneo.

Kura ipigwe kwa mikono, ihesabiwe, na idadi iandikwe: waliokubali, waliokataa, wasiopiga. Azimio lenyewe liandikwe papo hapo na lisomwe kabla ya kuhamia agenda nyingine. Linaweza kuwa hivi:

> Mkutano umebaini kwamba muhtasari wa Mkutano Mkuu wa tarehe 13 Machi 2025, uliothibitishwa tarehe 12 Juni 2025, ukurasa wa 47, Agenda Na. 5, azimio la pili, unasomeka "ekari 21". Mkutano umejiridhisha, kwa hati zilizosomwa mbele yake, kwamba eneo lililokubaliwa tarehe 13 Machi 2025 ni ekari kumi na mbili (12). Mkutano unaazimia kwamba azimio hilo lisomwe na litumike kama ekari kumi na mbili (12). Maandishi ya muhtasari wa awali yabaki kama yalivyo. Sehemu nyingine za azimio hazibadiliki.

Angalia mambo mawili humo. Maneno yenye kosa yamenukuliwa yalivyo, ili msomaji asiyekuwa na daftari la zamani ajue kilichokuwepo. Na ukubwa umeandikwa kwa maneno na kwa tarakimu, kwa sababu "kumi na mbili" haigeuki kuwa "ishirini na moja" kwa mkono kuteleza.

Ushahidi ukigawanyika nusu kwa nusu, mkutano usisahihishe. Iandikwe kwamba suala lilijadiliwa na mkutano haukujiridhisha, kisha iandaliwe agenda ya kuamua ukubwa wa eneo upya. Masahihisho ya kubahatisha yanaacha hati mbili zenye shaka badala ya moja.

Kuunganisha kumbukumbu mbili

Sasa daftari la Machi bado linasema 21, na mtu akilifungua ukurasa wa 47 hana njia ya kujua kuhusu Septemba. Panahitajika alama ya kumwelekeza. Kwenye nafasi tupu ya pembezoni, mbali na maandishi, andika: "Tazama masahihisho: Mkutano Mkuu wa 18/9/2025, Agenda Na. 4, uk. 63." Mtendaji asaini na kuweka tarehe ya siku anapoandika alama hiyo.

Wengine huandika pale pembeni "soma 12". Ni bora isiandikwe. Alama yenye jibu ndani yake humfanya msomaji aishie hapo, na baada ya miaka michache inaonekana kama mtu mmoja alijiamulia kubadili tarakimu. Alama inayotaja ukurasa tu inamlazimisha msomaji aende akakute kura, hati na saini. Na kama wakaguzi wenu hawakubali wino wowote kuongezwa baada ya saini, andika maneno hayo hayo kwenye karatasi tofauti, isainiwe, ibandikwe kwa gundi kwenye ukingo wa ndani wa ukurasa bila kufunika maandishi. Pini hazifai. Hupata kutu na karatasi hudondoka.

Kama muhtasari uliskaniwa na kuhifadhiwa kwenye kompyuta, faili la zamani libaki na jina lake. Skani mpya ya ukurasa wenye alama ihifadhiwe kando yake kwa jina lenye tarehe ya Septemba, lisiandikwe juu ya lile la kwanza.

Nakala zilizokwisha kutoka

Hii ndiyo hatua inayosahaulika, na ndiyo yenye madhara makubwa zaidi, kwa sababu mpima ardhi hafanyi kazi kwa daftari la kijiji. Anafanya kazi kwa nakala iliyo kwenye faili lake. Fungua daftari la kusambazia barua, angalia nakala ya Machi ilikwenda kwa nani, na kila aliyepokea apelekewe dondoo ya muhtasari wa Septemba: Agenda Na. 4 yote, yaani mjadala, kura na azimio, pamoja na fotokopi ya ukurasa wa 47 wenye kosa. Barua ya kufunikia imwombe aweke dondoo hiyo pamoja na nakala aliyonayo, asiitupe ya zamani. Apokee kwa saini.

Swali hapa ni kama dondoo itoke kabla muhtasari wa Septemba haujathibitishwa Desemba. Itoke. Azimio linaanza kufanya kazi mkutano unapolipitisha, na kuthibitisha muhtasari ni kukubali kwamba limeandikwa sawasawa. Ila juu ya dondoo paandikwe wazi "muhtasari haujathibitishwa", na Desemba ikipita ipelekwe iliyothibitishwa.

Kama mpima alikuwa amekwisha kusimika alama za mpaka kwa ekari 21, au mchakato wa hati ya hakimiliki ya kimila umeanza kwa ukubwa huo, masahihisho ya muhtasari hayaling'oi jiwe hata moja. Yanatoa msingi tu. Halmashauri ya Kijiji itahitaji kuiandikia halmashauri ya wilaya ikiomba upimaji urudiwe, ikiambatanisha dondoo, na kila familia iliyoguswa ipewe nakala ya barua hiyo. Kama misindano ilikatwa au shamba lililimwa kwa kufuata ekari 21, suala la fidia liwe na agenda yake na lisichomekwe ndani ya masahihisho.

Desemba muhtasari wa Septemba unapoletwa kuthibitishwa, Agenda Na. 4 isomwe kwa sauti na taratibu, na mtu mwingine, si Mtendaji, awe ameshika dokezo na rasimu akilinganisha kila tarakimu inaposomwa: ukurasa wa 47, Agenda Na. 5, tarehe tatu, ekari kumi na mbili. Kosa lililobaki humo likionekana kabla ya kuthibitisha, linarekebishwa pale pale kwenye rasimu.